Swali la Kisa cha Mgonjwa: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Hatua ya Kwanza kwa Dalili na Namba

Wanafunzi wa uuguzi wanaofeli maswali ya visa mara nyingi si wale wasiojua magonjwa. Mwenye kujua ugonjwa husoma kisa, hulitambua jina la ugonjwa kwenye mstari wa pili, kisha huchagua tiba yake anayoikumbuka vizuri zaidi. Swali halikuuliza hilo. Liliuliza muuguzi afanye nini kwanza, akiwa amesimama kando ya kitanda, kwa mgonjwa mwenye namba hizi na si nyingine, baada ya mambo ambayo yameshafanyika.

Ugumu huongezeka kwa kuwa majibu yote manne huweza kuwa sahihi kitabibu. Mtunzi hakuweka jibu moja zuri na matatu mabaya. Aliweka mambo manne ambayo mgonjwa huyo atafanyiwa kabla zamu haijaisha, akakutaka uyapange. Mwongozo huu unafuata kisa kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, cha mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kwa sababu kisa hicho ukikibadilisha maneno mawili tu jibu lake hugeuka.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Tafuta mitihani iliyopita yenye maswali ya visa, iwe ya stashahada inayosimamiwa na NACTVET au ya usajili chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Maswali 30 uliyoyachambua vizuri yanatosha kuliko 300 uliyoyapitia kwa kuangalia majibu.

Uwe na mwongozo wa matibabu wa taifa unaotumika sasa. Kitabu cha ng'ambo kinaweza kukupa mpangilio unaodhani kuna maabara na daktari wa zamu kila kona, ilhali kisa chako kimewekwa katika kituo cha afya chenye wauguzi wawili usiku.

Karatasi tupu, kalamu ya wino na kalamu ya risasi. Saa ya mkononi itahitajika baadaye, si sasa.

Mwisho, uwe na mtu mmoja wa kubishana naye. Vikundi vya watu 10 kwenye vimbweta huishia kwa mmoja kufundisha na tisa kuitikia. Wawili wanaolazimishana kutoa sababu hufika mbali zaidi.

## Kisa tutakachokitumia

Mitihani yenyewe huja kwa Kiingereza, lakini fikra za kulijibu swali hazibadiliki, kwa hiyo kisome kwa Kiswahili kwanza.

*Mama wa miaka 27, uzao wa nne, alijifungua kwa njia ya kawaida dakika 40 zilizopita katika kituo cha afya huko Mbagala. Alichomwa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli mara mtoto alipozaliwa, na kondo la nyuma lilitoka likiwa kamili. Baada tu ya kujifungua mapigo yake ya moyo yalikuwa 92 kwa dakika na presha 118/74. Sasa anasema ana kiu na kizunguzungu. Mapigo ni 124, presha 88/56, anapumua mara 26 kwa dakika, joto ni 36.4, oksijeni asilimia 96. Pedi aliyobadilishiwa dakika 10 zilizopita imelowa yote. Mfuko wa uzazi ni laini na kilele chake kiko juu ya kitovu. Muuguzi afanye nini kwanza?*

*A. Aende ofisini kumpigia daktari simu.*
*B. Amwekee kanula na kuanza dripu ya ringa laktati.*
*C. Akande mfuko wa uzazi mpaka uwe mgumu.*
*D. Apime tena presha na mapigo baada ya dakika 15.*

## Hatua ya 1: Anza na mstari wa mwisho

Soma swali lenyewe kabla ya kusoma kisa, na majibu uyafunike kwa kiganja. Unatafuta neno moja linaloamua kazi yote: je, unaulizwa cha kufanya kwanza, cha kufanya baada ya kitu fulani, dalili inayotia wasiwasi zaidi, au kitu ambacho muuguzi asifanye?

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba kisa husomwa tofauti kulingana na kinachoulizwa. Ukiulizwa dalili inayotia wasiwasi zaidi, unalinganisha namba. Ukiulizwa hatua ya kwanza, unatafuta chanzo cha hatari na mkono unaoweza kukifikia.

Tahadhari: kuna maswali yanayouliza hatua ya kwanza, na kuna yanayouliza hatua muhimu zaidi. Hayafanani kila mara. Hatua muhimu zaidi kwa mama anayetokwa damu huenda ikawa upasuaji, lakini hakuna muuguzi anayeanza kwa upasuaji.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi yako, bila kutazama, swali linataka nini.

## Hatua ya 2: Andika saa, mahali na yaliyokwisha kufanyika

Chora mstari mfupi kwenye karatasi. Upande wa kushoto andika yaliyopita, katikati andika sasa. Kwa kisa chetu, kushoto kuna kujifungua, oksitosini yuniti 10 na kondo kamili. Katikati kuna dakika 40 baadaye, pedi iliyolowa, mfuko laini. Pembeni andika mahali: kituo cha afya.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, na ndiyo inayorukwa na karibu kila anayekosea. Mtunzi haandiki kwamba kondo limetoka likiwa kamili ili kujaza nafasi. Anakuondolea sababu moja ya kuvuja damu, ili usipoteze muda kufikiria mabaki ya kondo. Vilevile anapoandika kwamba oksitosini imeshatolewa, anakuambia kwamba ile sindano ya kuzuia imepita na mfuko umelegea hata hivyo.

Tahadhari ni hii: usichague kitu ambacho kisa kinasema kimeshafanyika, na usidhani kimefanyika kitu ambacho kisa hakikukitaja. Mwanafunzi aliyetoka zamu ya leba anaona wazi kwamba mama huyu lazima ana kanula, kwa kuwa katika wodi aliyofanyia mazoezi kila mama huwekewa. Kisa hakikusema hivyo, basi hana.

## Hatua ya 3: Pima kila namba kwa umri, kwa hali na kwa ilivyokuwa awali

Namba peke yake haina maana. Mapigo 124 kwa mtoto wa miezi sita anayelia ni ya kawaida, kwa mtu mzima aliyelala ni ya kutisha.

Kwa mtu mzima aliyepumzika, kariri mipaka michache tu: mapigo 60 hadi 100, kupumua 12 hadi 20, oksijeni asilimia 95 na kuendelea, mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Kwa mtoto, mpaka unaotahiniwa zaidi ni wa kupumua kwa haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na mara 40 au zaidi kuanzia miezi 12 hadi miaka 5. Kwa hiyo mtoto wa miezi minane mwenye kikohozi anayepumua mara 46 hajafikia kupumua kwa haraka, na mwenye miezi 14 anayepumua vivyo hivyo ameshapita. Watunzi wanapenda sana kucheza kwenye mpaka huo wa mwaka mmoja.

Baada ya mipaka, tazama mwelekeo. Mama wetu alikuwa na mapigo 92 na sasa 124. Presha ya juu ilikuwa 118 na sasa 88. Namba mbili zinazokwenda pande mbili tofauti, mapigo yakipanda na presha ikishuka, zinasema kwamba damu inapungua mwilini na moyo unakimbia kufidia.

Ipo hesabu fupi inayosaidia hapa. Gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha. Kwa mama aliyejifungua, jibu likifika 0.9 au kupita, lichukulie kuwa onyo. Mwanzoni mama huyu alikuwa na 92 kwa 118, ambayo ni takriban 0.78. Sasa ana 124 kwa 88, ambayo ni takriban 1.4. Hesabu hii ina faida kubwa zaidi pale ambapo presha bado inaonekana nzuri: mama mwenye mapigo 112 na presha 110/70 atapitwa na wengi, ilhali jibu lake limeshazidi 1. Vijana wenye afya hushikilia presha kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla, na mtunzi anayejua kazi yake atakupa mgonjwa kabla hajaanguka.

Umefaulu ukiweza kuweka alama kwenye kila namba, ya kawaida au si ya kawaida, na kusema inaelekea wapi.

## Hatua ya 4: Taja hatari kwa sentensi moja yenye chanzo

Sasa andika sentensi moja, na sentensi hiyo iwe na sehemu mbili: kitakachomuua mgonjwa katika dakika chache zijazo, na kinachokisababisha.

Wengi wataandika kwamba mama ana mshtuko wa kupungukiwa damu. Ni kweli, lakini sehemu ya pili haipo, na ndipo jibu B linapowavuta, kwani mshtuko hutibiwa kwa dripu. Sentensi kamili ni hii: mama anaishiwa damu kwa sababu mfuko wa uzazi umelegea na mishipa iliyokuwa imeshika kondo iko wazi.

Ukiwa na sehemu ya pili mkononi, dripu inabaki kuwa ya lazima lakini inahamia nafasi ya pili. Ringa laktati inajaza mishipa, haifungi ile inayovuja. Mfuko ukiwa mgumu, misuli yake huibana mishipa hiyo yenyewe, na kuukanda hakuhitaji dawa, kanula wala ruhusa ya mtu. Mkono uko pale pale.

Utaratibu wa njia ya hewa, kupumua, kisha mzunguko wa damu hauachwi, bali unapitiwa haraka kuona kama kuna kinachotangulia. Mama huyu anazungumza, basi njia ya hewa iko wazi. Oksijeni yake ni asilimia 96, basi kupumua mara 26 ni matokeo ya kupungukiwa damu, si tatizo la mapafu. Tatizo liko kwenye mzunguko. Angekuwa hajitambui na anakoroma, kumlaza ubavu na kufungua njia ya hewa kungetangulia hata mbele ya damu inayotiririka, isipokuwa kisa kiwe na watu wawili wanaofanya kazi kwa pamoja.

Tahadhari: usiutumie utaratibu huo kama kete. Wapo wanaochagua oksijeni kila inapotokea kwenye majibu, kwa kuwa inahusu kupumua. Oksijeni kwa mgonjwa mwenye asilimia 96, wakati damu inalowesha pedi nzima kwa dakika 10, haitangulii.

## Hatua ya 5: Amua kama taarifa zinatosha kutenda

Wakufunzi hufundisha kwamba mchakato wa uuguzi huanza kwa kutathmini. Ni sahihi, na ndiyo sababu jibu D huwakamata waangalifu. Lakini mtunzi ameshakufanyia tathmini: amekupa mapigo, presha, pedi na hali ya mfuko. Kupima tena baada ya dakika 15 kunaongeza namba moja na kupunguza damu nyingi.

Jiulize swali moja: kama ningepima tena na kupata majibu yale yale, ningefanya nini? Kama unalijua jibu, tenda sasa.

Tathmini zaidi hutangulia katika hali mbili. Ya kwanza ni pale kisa kinapotoa malalamiko bila vipimo, kwa mfano mama anasema damu inatoka nyingi na hakuna lililoandikwa kuhusu mfuko wala pedi. Hapo hatua ya kwanza ni kuushika mfuko na kuangalia damu. Ya pili ni pale namba moja inapopingana na mgonjwa. Ukipewa mwanamke anayezungumza sentensi ndefu bila kuhema, midomo yake haina rangi ya bluu, mapigo 78, ila kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni asilimia 79, mwangalie yeye kwanza kisha hamishia kifaa kwenye kidole kingine au ndewe ya sikio. Mikono baridi, rangi ya kucha na hina nyeusi huharibu usomaji, na hapa pwani mgonjwa aliyetoka harusini si jambo la ajabu.

Hali hiyo ya pili isigeuzwe kuwa kisingizio. Namba moja inayopingana na nyingine zote hukaguliwa. Namba nne zinazokubaliana huaminiwa.

## Hatua ya 6: Yafunue majibu na uyapange, usiyachuje

Sasa ondoa kiganja. Usianze kwa kutafuta jibu baya, kwa sababu huenda halipo. Yape namba kwa mpangilio ambao ungeyafanya kweli.

Kwa kisa chetu, C ni la kwanza kwa sababu linagusa chanzo na linaanza papo hapo. B ni la pili. A ni la tatu kwa namna lilivyoandikwa. D linakuja baadaye, na kwa muda mfupi kuliko dakika 15.

Jibu A linastahili kukaliwa kidogo, maana ndilo linalozua ubishi mkubwa kuliko yote. Kuna tofauti kati ya kupaza sauti kuita msaada ukiwa umebaki na mgonjwa na kuondoka kwenda kumpigia daktari simu. La kwanza halichukui mkono wala dakika. La pili linamwacha mama anayevuja damu peke yake, huku kukiwa na jambo ambalo muuguzi ameruhusiwa kulifanya bila agizo. Kwa hiyo jibu la kumwita daktari huwa sahihi pale ambapo hakuna kati ya majibu mengine kinachoweza kuokoa mgonjwa kwa mikono ya muuguzi, au kila kilichowezekana kimeshafanyika. Lakini kama mtunzi ameandika "apaze sauti kuita msaada" kama jibu linalojitegemea, kisa kikionyesha kwamba muuguzi yuko peke yake, lipe nafasi ya kwanza. Miongozo ya dharura za uzazi huanza hivyo, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinahitaji watu zaidi.

Katika wodi halisi mambo haya hufanyika kwa pamoja. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, ambao Tanzania ilikuwa moja ya nchi nne zilizoshiriki, ulijengwa juu ya wazo hilo: damu ipimwe mapema kwa shuka maalumu lenye vipimo, kisha kukanda mfuko, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki, dripu na ukaguzi wa njia ya uzazi vitolewe kama fungu moja, bila kungoja kimoja kishindwe ndipo kingine kianze. Mtihani hauna nafasi ya fungu. Unakupa jozi moja ya mikono na jibu moja. Anayejua utendaji wa wodini na kukasirikia swali ana haki yake, ila ajibu kwanza.

## Kisa kile kile, maneno yakibadilika

Hapa ndipo utajua kama umeelewa au umekariri kwamba kuvuja damu baada ya kujifungua ni kukanda.

Badiliko la kwanza. Mfuko ni mgumu, uko katikati, kilele kiko usawa wa kitovu, lakini damu nyekundu mbichi inaendelea kutiririka. Namba ni zile zile. Kukanda mfuko ambao tayari ni mgumu hakusaidii kitu. Chanzo kimehama: fikiria mchaniko kwenye mlango wa kizazi, ukeni au kwenye msamba. Hatua inayogusa chanzo ni kukagua njia ya uzazi na kubana panapovuja.

Badiliko la pili. Mfuko ni mgumu lakini kilele kimepanda juu ya kitovu na kusogea kulia, mama hajakojoa tangu ajifungue, damu ni ya wastani, mapigo 88 na presha 116/72. Kibofu kilichojaa ndicho kinachousukuma mfuko pembeni, na kikiachwa kitauzuia kukaza. Hatua ya kwanza ni kumsaidia akojoe, na akishindwa, kumwekea mpira wa mkojo. Angalia kwamba namba zake ni tulivu. Hilo ndilo linalokupa muda wa kumpeleka msalani. Mfuko uliosogea kulia ukiwa laini na damu ikimwagika unarudisha kukanda mbele, kisha kibofu mara moja baada yake.

Badiliko la tatu. Mfuko ulikuwa laini, mwenzako anaukanda sasa hivi, msaada umeshafika, kanula ipo. Mfuko unakuwa mgumu kisha unalegea tena. Ukichagua kukanda umerudia kilichokwisha kuandikwa kushoto kwa mstari wako wa wakati. Kinachofuata ni dawa ya kuukaza, kwa kawaida oksitosini ndani ya dripu, pamoja na asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa kwa muda wa takriban dakika 10. Dawa hii ya pili hutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, basi mtunzi akiandika kwamba mama alijifungua saa 5 zilizopita, amekuwekea mtego kwa makusudi.

## Pale ambapo hatari inatoka kwenye dawa yako mwenyewe

Kuna kundi moja la visa ambalo utaratibu wa hapo juu unaliweza, lakini jicho huvutwa pasipostahili, kwa hiyo nalipa nafasi yake.

*Mama mwenye kifafa cha mimba yuko kwenye dripu ya magnesiamu salfeti. Presha ni 164/112. Anapumua mara 10 kwa dakika, oksijeni asilimia 93, mguu haurushiki goti linapogongwa, na mkojo katika saa 4 zilizopita ni mililita 60. Hatua ya kwanza?*

*A. Ampe dawa ya kushusha presha. B. Asimamishe dripu ya magnesiamu. C. Achome kalsiamu glukoneti. D. Amjulishe daktari.*

Presha ndiyo namba inayopiga kelele, na wengi huchagua A. Ila presha ya juu ni sehemu ya ugonjwa aliolazwa nao. Kilicho kipya ni kupumua. Magnesiamu inaendelea kutolewa kwa masharti matatu: kupumua kusipungue mara 16 kwa dakika, goti lijibu linapogongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Mililita 60 kwa saa 4 ni 15 kwa saa. Masharti yote matatu yamevunjika, na figo zisizotoa mkojo zinaibakiza dawa mwilini.

Jibu ni B, kwa sababu kutoa kiondoa sumu huku sumu ikiendelea kudondoka mshipani ni kazi isiyoisha. Kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, hufuata mara moja, ikichomwa taratibu. Kama dawa inatolewa kwa sindano za msuli kila baada ya saa 4, jibu huandikwa kama kutompa dozi inayofuata. Na kama kisa kinasema mama ameacha kupumua, kumpumulisha kwa mfuko na barakoa kunapanda juu ya yote.

Kanuni hii hufanya kazi pia kwa mgonjwa anayeongezewa damu akaanza kutetemeka, kuumwa mgongo na kupandisha joto: simamisha damu kabla ya kumpima upya au kumwita mtu. Usiing'oe kanula, kwa sababu mshipa huo utahitajika. Badilisha seti ya dripu na uuweke wazi kwa salaini.

## Hatua ya 7: Fanya mazoezi kwa kubadilisha, si kwa kuongeza

Chukua swali moja ulilokosea. Kwa kalamu ya wino andika jibu sahihi na sentensi ya hatari yenye sehemu mbili. Kisha kwa kalamu ya risasi badilisha taarifa moja ndani ya kisa mpaka jibu jingine kati ya yale manne liwe sahihi. Kama huwezi kulifanya jibu A liwe sahihi kwa kubadilisha kisa, bado hujui kwa nini halikuwa sahihi.

Mpe mwenzako kisa ulichokibadilisha, akijibu bila kuona cha awali. Mkitofautiana, fungueni mwongozo wa taifa kabla ya kupaza sauti.

Weka kumbukumbu ya makosa kwa hatua, si kwa somo. Kuandika kwamba umekosea swali la uzazi hakukusaidii. Andika kwamba uliruka mstari wa wakati, au ulipima namba ya mtoto kwa kipimo cha mtu mzima, au ulichagua kutathmini wakati taarifa zilitosha. Baada ya maswali 15 hivi utaona hatua moja inajirudia, na hiyo ndiyo ya kufanyia kazi wiki nzima.

Saa ya mkononi iingie mwisho. Mara ya kwanza hatua hizi zitakuchukua dakika 6 au 7 kwa swali moja, na ni sawa. Ukiona umefika dakika 2 na bado unaiandika ile sentensi ya hatari, anza kufanya mitihani mizima. Ukiona umefika dakika 2 kwa sababu umeacha kuiandika, rudi kwenye swali moja moja bila saa.